Ukumbini wanachangamka, kwenye video wananyamaza

*Kaka mshauri, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, na nawafundisha watu wanaowahudumia wagonjwa wa presha nyumbani: namna ya kupima, namna ya kuandika vipimo, na lini mgonjwa akimbizwe hospitali. Somo langu ni la dakika 90, slaidi 48. Ukumbini halinisumbui. Nauliza, wanajibu, nashuka kati yao nawarekebisha mikono.*

*Mwezi uliopita nilitakiwa kulitoa kwa mkutano wa video. Watu 40, kamera nyingi zimezimwa. Kila baada ya slaidi kadhaa nikawa nauliza "tuko pamoja?" na walewale wawili wananijibu "tuko pamoja". Mwishoni nikauliza kama kuna maswali: kimya.*

*Sasa nimepewa kundi jingine, dakika 60, na nimeambiwa niligawe vipande vifupi na niweke sehemu za kuwashirikisha watu. Nimekata kila dakika 10 nikaweka swali, lakini naona nimepachika tu maswali kwenye somo lilelile. Nianzie wapi?*

*Muuguzi Mkufunzi*

Dada Mkufunzi,

Weka slaidi pembeni kwanza, tupige hesabu. Sehemu moja ya kuwashirikisha watu kwenye video inakula muda gani? Unatoa swali, kisha unalirudia kwa sababu kuna ambao sauti ilikwaruza: nusu dakika. Watu wanafikiri na kuandika, wengine kwa kidole gumba kwenye simu: dakika nzima na zaidi kidogo. Unasoma majibu yanavyoingia: dakika nyingine. Unayajibu: dakika moja. Ukijumlisha, ni karibu dakika 4. Ukiweka nne za namna hiyo, dakika 16 zimekwenda. Ondoa na za kuingia, na za maswali, na za mazoezi ya kupima ambayo nitayafikia hapo chini. Unabakiwa na dakika 25 hivi za kuongea wewe.

Kwa hiyo usifikirie kwamba unapunguza somo la dakika 90 liwe la 60. Unalipunguza liwe la 25, na muda wote uliobaki ni wa hao watu. Ndiyo maana ulipopachika maswali hukuridhika: maneno yalibaki yaleyale, maswali yakawa kama foleni ya kukuchelewesha kufika slaidi ya 48.

Sasa tukate, lakini tusikate kwa saa. Hizi dakika 10 zinazosemwa kila mahali hazina siri yoyote ndani yake. Upo utafiti wa mwaka 2014 kuhusu video za masomo kwenye jukwaa la edX, uliokuta kwamba watazamaji kwa kawaida hawavuki dakika 6 hivi, hata video iwe ndefu kiasi gani. Lakini zile zilikuwa video zilizorekodiwa, mtu anatazama peke yake na kufunga akitaka. Wewe uko hewani na watu wanaokusubiri uwaambie cha kufanya. Kipande chako kiishe pale msikilizaji anapokuwa na jambo moja la kufanya kwa mikono yake au kwa uamuzi wake, iwe ni dakika 5 au 9.

Chukua karatasi ujiulize: huyu mtu akikata simu, kesho asubuhi anafanya nini na mgonjwa wake? Nikisoma barua yako naona mambo matatu tu. Anamkalisha vizuri. Anamfunga mkanda wa mashine na kupima. Anaandika namba na kuamua kama ni za kusubiri kliniki au za kuondoka nazo sasa hivi. Hivyo vitatu ndivyo vipande vyako. Slaidi za moyo unavyosukuma damu, za aina za dawa, za vyakula, zote ziweke kwenye waraka wa kurasa mbili na uwatumie baada ya somo. Najua zile za moyo unazipenda, kila mwalimu wa afya anazipenda, lakini hakuna anayekosea kupima presha kwa sababu hajui vali za moyo.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: swali litangulie maelezo. Ukumbini unaeleza, kisha unauliza kama wameelewa, kwa sababu nyuso zao zinakujibu kabla midomo haijafunguka. Kwenye video huna nyuso. "Tuko pamoja?" ni swali ambalo hata aliyekwenda kupika anaweza kulijibu. Halimdai mtu chochote, na wewe halikwambii chochote.

Chukua kipande cha kwanza, cha kumkalisha mgonjwa. Naamini unazo slaidi sita au saba zinazotaja kanuni moja moja: mgongo uegemee, miguu ikae chini bila kukunjwa nne, mkono uwe usawa wa moyo, mkanda ufungwe kwenye ngozi na si juu ya shati, asiongee. Zifute zote. Mwombe mwenzako mmoja akae kwenye kigoda, miguu kakunja nne, mkono unaning'inia, mkanda juu ya shati la mikono mirefu, simu sikioni. Mpige picha. Hiyo picha moja iweke skrini nzima, bila maandishi, useme hivi:

"Huyu anapimwa presha na mashine itasoma juu kuliko hali halisi. Tafuta kosa moja, lile unalodhani watu wa nyumbani kwako hawalijui kabisa. Liandike kwenye chati, ila usitume bado. Nawapa dakika moja, mimi nitanyamaza. Nikisema 'tuma', tutume wote kwa pamoja."

Kila kipande cha maneno hayo kina kazi yake. "Kosa moja" kunamzuia yule mwepesi kuorodhesha yote matano na kuwamaliza wenzake. "Watu wa nyumbani kwako" kunamwondolea mtu aibu ya kuonekana yeye ndiye hajui. "Usitume bado" ndiyo dawa ya wale wawili wako wa kila siku: jibu la kwanza likionekana, watu 30 wanaliiga au wanaona limetosha. Wakituma kwa pamoja, majibu 40 yanamwagika kwa mara moja na unapata picha ya kundi zima. Na "mimi nitanyamaza" kunawahakikishia kwamba mtandao haujakatika.

Kunyamaza kwenyewe ni kazi. Mtafiti Mary Budd Rowe alichapisha mwaka 1974 kazi yake ya kusikiliza rekodi za madarasa, akaonyesha kwamba walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuendelea. Darasani sekunde moja ni chache. Kwenye video haitoshi hata sauti yako kumfikia mtu, yeye kutafuta kitufe cha maiki na kukibonyeza. Usitegemee hisia zako hapo, maana sekunde 15 za kimya mbele ya kamera zinakaa kama robo saa. Weka saa mezani, uitazame, na usifungue mdomo mpaka dakika iishe.

Majibu yakishaingia ndipo unafundisha, na unafundisha kwa kufuata ulichokiona. Nakisia wengi wataandika simu na miguu. Hayo yagusie kwa sentensi moja, wanayajua. Watakaotaja mgongo usioegemea, au mkono unaoning'inia, watakuwa wachache, na hapo ndipo dakika zako 6 zinakwenda. Soma majibu mawili kwa sauti na majina ya walioandika: watu wakisikia majina yanatajwa, mara ya pili wengi zaidi huandika. Kisha waambie kila mmoja, kamera ikiwa wazi au imezimwa, aweke mkono mezani sasa hivi na aangalie kama katikati ya mkanda pangekuwa usawa wa kifua. Kama meza ni fupi, aweke mto chini ya mkono. Waombe watatu wafungue kamera uwarekebishe kama ulivyozoea ukumbini. Wengine 37 watajirekebisha kwa kuwatazama hao.

Kipande cha pili ni cha mkanda na kupima, na hapa video inakupa kitu ambacho ukumbi hauna: watu wako nyumbani, na baadhi yao wana mashine zao na viti vyao vya kila siku. Usikose nafasi hiyo. Lakini ina mitego, na lazima uitegue kabla.

Mtego wa kwanza ni ule wa dakika 5. Mtu anatakiwa akae ametulia dakika 5 kabla ya kupima, na nyumbani karibu kila mtu anairuka hatua hiyo. Nakushauri uifanye kamili, dakika zote 5, hewani. Najua ni nyingi kati ya 60, ila hakuna slaidi itakayowafundisha urefu wa dakika 5 kama kuzikaa. Shida ni kwamba kimya cha dakika 5 kwenye video kinafanana na mtandao uliokatika. Watu wataanza kutoka na kuingia upya. Weka slaidi yenye saa inayohesabu kurudi nyuma na maneno makubwa: "Tumekaa kimya. Sauti yako haijakatika. Tutapima saa ikifika sifuri." Kila aliyechelewa kuingia ataisoma na kuelewa yuko wapi. Wasio na mashine nao wakae hivyohivyo. Kumkalisha mgonjwa kwa utulivu ndiyo kazi yao ya kesho.

Mtego wa pili ni namba zenyewe. Usimwambie mtu aandike presha yake kwenye chati mbele ya watu 40. Hiyo ni habari ya afya yake, na mkutano huenda unarekodiwa. Wapime mara mbili, dakika moja katikati, kisha uwaulize tofauti tu: "Kipimo cha pili, namba ya juu imeshuka au imepanda kwa ngapi? Andika tofauti, si kipimo." Utapata mistari kama "-6", "+2", "-11", na somo lako la kwa nini tupime mara mbili litakuwa limejieleza lenyewe.

Mtego wa tatu hauna mzaha. Ukiwapimisha watu 10 hewani, mmoja anaweza kukuta 180/120 au zaidi, na wewe uko mbali naye. Maelekezo ya hilo yatolewe kabla mkanda haujafungwa, si baada ya mtu kushtuka: akae, apime tena baada ya dakika moja, ikibaki hapo, amwandikie msaidizi wako ujumbe wa faragha na awasiliane na kituo cha afya siku hiyohiyo, na kama ana maumivu ya kifua, anashindwa kupumua, upande mmoja umelegea, haoni vizuri au anashindwa kuongea sawasawa, aache somo aende hospitali mara moja. Wewe haya unayajua kuliko mimi. Ninachokukumbusha ni mahali pa kuyaweka.

Kwa sababu ya zoezi hili, mwaliko wako nao unabadilika. Siku moja kabla waandikie: njoo na mashine kama unayo, kaa kwenye kiti chenye mgongo kando ya meza, vaa nguo ambayo mkono wake unapanda bila kubana, usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, na upite chooni kwanza. Mistari mitano inatosha. Ukiiandika somo likiwa limeshaanza, umepoteza dakika 6 watu wakitafuta viti.

Kipande cha tatu, cha kuandika na kuamua, ni chepesi. Onyesha kurasa tatu za daftari, wagonjwa watatu wa kubuni, vipimo vya wiki nzima. Wajibu kwa namba: 1 anaendelea kupima nyumbani, 2 anasogeza mbele tarehe ya kliniki, 3 anaondoka leo. Namba moja ndiyo jibu rahisi kuliko yote kwa mtu wa simu. Mmoja wa hao wagonjwa mfanye awe wa kubishaniwa, watu wagawanyike kati ya 1 na 2, kisha mwite mmoja wa kila upande afungue maiki na kujieleza. Hapo ndipo mahali pekee katika somo ambapo ningependa watu wabishane kwa sauti. Kwingine kote chati inatosha.

Umeambiwa uwashirikishe watu, na najua utashawishika kutumia kura na vyumba vidogo. Kura ni nzuri, ila kwenye Zoom mwenye mkutano anahitaji akaunti ya kulipia, na akaunti ya bure inakata mkutano kwenye dakika 40 hata hivyo. Hakikisha nani anaufungua mkutano wako na kwa akaunti gani. Vyumba vidogo usivitumie kwenye dakika 60. Kuwapeleka watu, kuwasubiri wajuane, kisha kuwarudisha (Zoom yenyewe huwapa sekunde 60 za kuhitimisha) kunakula dakika 8 kwa mazungumzo ya dakika 3. Ungekuwa na saa mbili ningekwambia vingine.

Usikubali kwenda peke yako. Mtu mmoja akae kwenye chati: awapokee waliochelewa kwa mstari mmoja unaosema tumefika wapi, anakili swali lako kwa maandishi mara tu unapoliuliza, apokee ujumbe wa faragha, na awe na nakala ya slaidi zako. Laini yako ikikatika, kazi yake ni kusema "tunasubiri dakika mbili" na kuirudisha ile picha kwenye skrini ili watu waendelee kutafuta makosa.

Ratiba ningeipanga hivi. Dakika 4 za mwanzo: badala ya kujitambulisha kwa kirefu, waambie wenye mashine waandike M, wasio nayo waandike H. Umewafundisha kutumia chati bila kusema unawafundisha, umejua wangapi watapima, na ukilinganisha idadi ya herufi na idadi ya walioingia, umejua wangapi wapo kweli. Zikiwa herufi 15 kati ya watu 40, usiendelee. Rudia, au mwambie msaidizi aandike mfano, maana kuna ambao hawajaiona chati ilipo. Kutoka dakika ya 4 mpaka ya 18 ni picha na kukaa. Kutoka ya 18 mpaka ya 38 ni mkanda, tahadhari, kimya na kupima mara mbili. Kutoka ya 38 mpaka ya 50 ni madaftari matatu. Maswali yaanze hapo na yaishe dakika ya 57, kisha wewe mwenyewe ufunge kwa dakika 3 ukionyesha tena namba za hatari. Maswali yakiwekwa mwisho kabisa watu hutoka yakiwa katikati, na jambo la mwisho wanalolisikia linakuwa swali la mtu mmoja kuhusu betri za mashine.

Na usiulize "kuna maswali?" Waambie: "Fikiria mgonjwa wako mmoja. Andika jambo moja kati ya haya ambalo kwake litakuwa gumu." Dakika moja, kimya, tuma. Yatakayoingia ndiyo maswali yenyewe.

Ukiona umechelewa, na utachelewa, amua leo kitakachodondoka. Mimi ningedondosha daftari la tatu. Watu wakibanwa na muda huwa wanaruka mazoezi na kubaki na maelezo. Kwako iwe kinyume, kwa sababu maelezo yapo kwenye waraka.

Fanya jaribio moja na watu watatu, mmoja wao akiwa kwenye simu na si kompyuta, na umwombe huyo akuonyeshe skrini yake inavyoonekana. Pengine utakuta yale maandishi ya slaidi zako za zamani hayasomeki, na kwamba chati ikifunguka inaifunika picha yote. Kama ndivyo, acha picha ikae sekunde 20 kabla ya kusema "andika". Baada ya somo lenyewe hifadhi chati na uisome pamoja na saa: pale ambapo mistari inapungua ghafla, kipande kilichotangulia kilikuwa kirefu au swali lake halikueleweka, na hicho ndicho cha kurekebisha kwa kundi litakalofuata.